Vidonge vya Damu vya Jedidah

Duka la dawa la Jedidah Karambu liko Githongo, mlango wa tatu kutoka kwa fundi wa viatu, na kwa miaka kumi na tisa watu wamelijua kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba Jedidah hauzi dawa kabla hajakuuliza maswali, hata ukimwambia gari lako linaondoka. La pili ni bahasha zake za kaki. Mama mjamzito akija kwake kutafuta dawa ya damu hakabidhiwi vidonge kama karanga. Jedidah huchukua stripu ya vidonge kumi, akakata saba kwa mkasi, akavitia katika bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu: Wiki ya kwanza. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Mama akifika Jumapili na bahasha bado ina kidonge, anajua alisahau siku fulani. Hakufundishwa hayo chuoni Nairobi. Aliyabuni mwenyewe, na kwa siri yalimpa fahari, maana mtu huhitaji kitu chake mwenyewe cha kujivunia, na yeye hakujaliwa vingi. Mume alikwisha kufa, na watoto hawakupata.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, aliingia Ciakuthii. Mama huyu alizaliwa upande wa Karurumo, akaolewa Githongo miaka arobaini iliyopita, na bado hakuwa amejifunza kuongea polepole. Mkono mmoja alishika daftari la kliniki, mwingine bahasha ya kaki, na begani alining'iniza kikapu chenye chupa ya chai.

"Daktari," alisema, na hakusalimu. "Hii ni dawa ama ni unga wa mahindi uliopakwa rangi?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa akinunua dawa ya kikohozi aligeuka, akaamua kwamba kikohozi chake kingeweza kungoja ili asikie.

"Keti kwanza, mama," Jedidah alisema.

"Sikuja kukaa. Kiende wangu amemeza vitu vyako mwezi mzima. Mwanzo damu ilikuwa nane nukta sita. Jana nesi amempima tena, nane nukta tatu. Imeshuka! Mtoto wa kwanza alipozaliwa, huyo msichana alitoka damu mpaka mume wake, mwanangu Bundi, akalia barabarani kama mtoto. Sasa nesi anasema isipopanda atapelekwa Meru akawekewe damu ya watu. Mimi nilimwambia Kiende, nenda kwa Jedidah, Jedidah hadanganyi mtu." Aliitupa bahasha juu ya meza. "Labda ungekuwa umezaa ungejua uchungu wake."

Mwenye kikohozi alitazama chini. Maneno kama hayo Jedidah alikuwa ameshayasikia, tena kwa sauti laini zaidi, na yalikuwa kama jiwe ndani ya kiatu: linauma, lakini unaendelea kutembea. Alimfungia mteja dawa yake, akamsindikiza mpaka mlangoni, akageuza kibao cha mlango kikasoma Tumefunga.

"Kiende ana miezi mingapi sasa?"

"Saba na kidogo."

"Alimeza kila siku?"

"Kila siku. Mimi mwenyewe nilimsimamia. Angalia, hiyo ni ya wiki ya nne, vimebaki viwili tu, vya leo na kesho."

"Na choo chake, kimekuwa cheusi?"

Ciakuthii alimkazia macho. "Unaniuliza choo cha mkaza mwana wangu?"

"Ndiyo, mama. Ni muhimu kuliko unavyodhani. Dawa ya damu ni madini ya chuma, na mtu akimeza chuma kila siku, sehemu kubwa haiingii kwenye damu. Hutoka, na ikitoka choo huwa cheusi. Wengi hunijia wakiwa wameogopa, wakidhani wanavuja damu tumboni."

Ciakuthii alifikiri. Alikuwa mtu wa ghadhabu, lakini pia mtu wa kweli. "Hajalalamika. Angelalamika. Msichana huyo hulalamika hata kiberiti kikilowa. Mwezi wote ni cha kawaida tu."

Mtu anaweza kumeza chuma vibaya na damu isipande, sababu ziko nyingi. Lakini kumeza kila siku kwa wiki nne na choo kisibadilike hata kidogo, hilo lilikuwa na maelezo machache mno, na hakuna hata moja lililompendeza.

Jedidah alimwaga vidonge viwili juu ya karatasi nyeupe. Vilikuwa bado ndani ya stripu, vyekundu kama vilivyopaswa kuwa. Alikigeuza kile kipande ili asome nambari ya bechi, ile inayoonyesha dawa ilitengenezwa katika mkupuo upi, na tarehe ya kuisha muda. Havikuwapo. Nambari hizo hupigwa chapa mwishoni mwa stripu, kwenye ukingo, na ukingo huo ndio uliobaki dukani siku alipokata saba na kuacha tatu. Alikaa akiutazama ule mkato ulionyooka. Mkono wake mwenyewe, mkasi wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewakabidhi akina mama dawa isiyo na jina la kuzaliwa, na hakuna aliyemwuliza, naye hakujiuliza.

"Kuna nini hapo?" aliuliza Ciakuthii.

"Natafuta. Ngoja, mama. Usiondoke."

Chini ya meza kulikuwa na mkebe mkubwa wa plastiki uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Humo ndimo alimoweka stripu za vidonge vya damu, vile vyenye chuma na vitamini ya foliki, kwa kuwa boksi zilichukua nafasi na mkono ulifika mkebeni upesi. Aliumwaga wote juu ya meza, akaanza kusoma ukingo mmoja mmoja. Stripu kumi na moja zilikuwa na nambari moja. Stripu tisa zilikuwa na nyingine.

Hapo alimkumbuka Ireri.

Ilikuwa katikati ya Mei. Mursal, mwenye ghala la dawa mjini Meru ambaye Jedidah alinunua kwake tangu mwanzo, alikuwa ameishiwa vidonge vya chuma kwa wiki tatu. Kliniki nayo iliandika kwenye madaftari, "Nunua nje." Akina mama walikuja, wakarudi mikono mitupu. Ndipo Ireri alipoingia, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye koti safi, akasema ametoka Embu, kampuni mpya, dawa ziko kwenye gari. Boksi zilikuwa zile zile, jina lile lile, rangi ile ile. Jedidah aliuliza leseni ya kampuni, Ireri akatoa karatasi yenye muhuri. Aliuliza ankara, akapewa. Nje walisimama wanawake wawili wenye matumbo makubwa, na mmoja wao alikuwa Kiende. Jedidah alichukua boksi mbili. Ankara ile aliitia kwenye faili. Hakuisoma mstari kwa mstari kama alivyozisoma za Mursal, na boksi alizifungua, akamimina stripu mkebeni juu ya zile za zamani.

Sasa aliitoa. Ankara ilikuwa na jina la dawa na idadi. Safu ya bechi haikuwapo kabisa. Nyuma ya rafu alitafuta boksi moja ya Ireri, ambayo sasa aliitumia kuwekea risiti za maji, akaipata, akazimwaga risiti. Nambari ya bechi iliyochapishwa kwenye boksi haikufanana na ile ya kwenye stripu zilizotoka ndani yake. Na tarehe: boksi ilisema mwezi wa tano mwaka ujao, stripu ikasema wa tisa.

Alichukua kile kipande cha Kiende, akakilinganisha mgongo na stripu ya Mursal. Jina la mtengenezaji lilijirudia kwenye foili, ile karatasi ya fedha ya mgongoni, ya zote mbili. Kwenye ya Mursal, herufi zilikuwa kali kama zilizochongwa. Kwenye ya Kiende, na kwenye zile tisa, herufi ya mwisho ilikuwa imevimba, kama imeandikwa kwa kalamu inayovuja. Kipande cha Kiende kilikuwa ndugu wa zile tisa.

Alimpigia Mursal.

"Daktari Jedidah! Leo umenikumbuka? Nilidhani umeolewa na ghala lingine."

"Karibu hivyo, Mursal, na ndoa imenishinda. Nisomee bechi za chuma na foliki ulizoniletea mwaka huu."

Alisikia kurasa zikifunguliwa. Mursal alikuwa na kompyuta lakini aliamini daftari. Alimsomea bechi moja, na ilikuwa ile ya stripu kumi na moja, herufi kwa herufi.

"Nina nyingine hapa. Nilinunua kwa mtu."

Mursal hakucheka tena. "Nipe nambari. Na ya boksi pia. Mwakilishi wa kiwanda ni mtu wangu, nitampigia sasa hivi."

Walipokuwa wakingoja, Jedidah alifungua simu, akaingia kwenye tovuti ya Bodi ya Dawa na Sumu, akatafuta kampuni ya Ireri kwenye orodha ya wauzaji wa jumla wenye leseni. Haikuwapo. Aliandika jina kwa namna mbili tatu, asije akawa amekosea. Haikuwapo. Alipiga nambari ya Ireri. Mwanamke wa mashine alimwambia kwa upole kwamba nambari hiyo haipatikani.

Ciakuthii alikuwa amekaa hatimaye.

"Kiende hunywa dawa saa ngapi?" Jedidah alimwuliza.

"Asubuhi, na chai, kabla hatujaenda kuchuma kahawa. Chai yangu, si ile ya maji maji." Kisha uso ukabadilika. "Au ni chai? Nesi alisema jambo kuhusu chai. Mimi nilidhani ni maneno ya vijana. Ni mimi, Daktari? Ni chai yangu iliyomharibia?"

Jedidah alimtazama. Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutorokea, mpana, na aliyeufungua ni Ciakuthii mwenyewe. Angesema ndiyo. Tena isingekuwa uongo mtupu, kwa kuwa chai kweli huzuia chuma. Ciakuthii angerudi nyumbani ameinama, Kiende angepewa vidonge vya Mursal, damu ingepanda, na Githongo nzima ingeendelea kusema Jedidah hadanganyi mtu. Ni yeye peke yake ambaye angejua, na alikuwa amezoea kukaa na mambo peke yake.

"Una chai kwenye hiyo chupa yako?" aliuliza.

"Ya rangi tu. Ya shambani."

"Nigawie kidogo."

Alimimina chai ya rangi katika glasi mbili. Alichukua kidonge kimoja kutoka bechi ya Mursal, akakisaga kwenye kinu kidogo cha kauri, akakitia katika glasi ya kwanza, akakoroga. Chai ilianza kuwa ya kijivu, kisha ikageuka nyeusi, nyeusi kabisa kama wino wa shule. Ciakuthii alirudi nyuma.

"Chuma kikikutana na majani ya chai hushikana hivyo," Jedidah alisema. "Kikishashikana, tumbo haliwezi kukichukua. Ndiyo sababu ya kumwambia mama mjamzito asinywe dawa na chai. Akae saa moja au mbili. Hapo nesi alisema kweli, na hapo kosa ni lako kidogo." Alichukua kidonge kimoja kati ya viwili vya Kiende, akakisaga vivyo hivyo, akakitia katika glasi ya pili, akakoroga, akangoja.

Chai ikabaki chai. Ilichafuka kidogo kwa rangi nyekundu ya ganda, basi.

Ciakuthii aliinua glasi ile, akaiangalia kwenye mwanga.

"Hakuna chuma," alisema.

"Hii si maabara, mama. Chai haiwezi kuhukumu dawa, na kipimo halisi watafanya watu wa Bodi. Lakini choo hakikuwa cheusi, bechi hazifanani, na kampuni haipo. Sihitaji kungoja maabara ili nikuambie. Nilimuuzia Kiende dawa bandia. Haikuwa chai yako. Hata angemeza na maji ya machungwa, damu isingepanda."

Simu ililia. Alikuwa Mursal. "Jedidah, sikia. Ile bechi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kweli, lakini ni ya sharubati ya watoto. Ile ya kwenye stripu kiwanda hawaijui. Wameomba usiiharibu, uiweke."

"Nimeiweka."

"Usinunue tena kwa watu wa gari, dada yangu. Ukikosa kwangu, nitukane, lakini ngoja."

Alipokata simu, alitarajia kelele. Ciakuthii alikuwa na haki ya kupiga kelele mpaka sokoni. Badala yake mama yule alivua kitambaa chake cha kichwa, akajifuta uso, akakifunga tena.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Kwa sababu Kiende ana wiki tisa au kumi zilizobaki, na kama ungeamini ni chai ungeenda kumwondolea chai na kumwendelezea hivi vidonge."

"Ungenipa vingine tu, ukanyamaza."

"Na wale wengine?"

Wengine walionunua tangu siku ya Ireri walikuwa kumi na mmoja. Jedidah aliwajua kwa sababu aliandika jina na simu ya kila mama mjamzito aliyenunua dawa kwake, na tarehe. Alizitia stripu tisa, boksi tupu, kipande cha Kiende na ankara ndani ya katoni moja, akaifunga kwa gundi, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: ISIUZWE. Akaitia kabatini na kufunga. Kisha alichukua ile fomu ya waridi ya kuripoti dawa yenye mashaka, ambayo kwa miaka mingi alikuwa ameiona kwenye faili na kuamini ni ya maduka ya watu wengine. Alijaza kila sehemu, na palipoulizwa dawa ilipatikana wapi, aliandika jina la duka lake. Ndipo akaanza kupiga simu. Kila mama alimwambia maneno yale yale, bila kuyatia sukari: usimeze, leta ulivyobakiza, nitakupa vya kweli, kesho nenda ukapimwe damu. Mmoja alimtukana. Mmoja alilia. Mmoja alikuwa amehamia Manyatta, upande wa Embu, kwa dada yake, akasema atakwenda kliniki ya huko. Tisa aliwapata kabla ya mchana. Wawili simu zao hazikuingia.

Saa nane walikuwa kliniki, yeye, Ciakuthii na Kiende. Kiende alikuwa mwembamba wa miaka ishirini na minne, kucha zake nyeupe, mwenye kupumua kama aliyepanda mlima hata akiwa amekaa. Nesi Timiro, mzaliwa wa Maua mwenye mtandio na mkono mwepesi, aliwasikiliza bila kumkatiza Jedidah hata mara moja.

"Umefanya jambo gumu," alimwambia mwishowe. "Sasa tumtibu msichana. Malaria hana, nimempima jana. Dawa ya minyoo nitampa leo. Damu ya nane nukta tatu si ya kuzuia tu, ni ya kutibu. Nataka chuma halisi miligramu mia na ishirini kwa siku."

"Basi mimi nina swali," alisema Ciakuthii, na kwa sauti ile walijua nguvu zimemrudia. Alitoa kifukoni kipande cha karatasi. "Kuna duka Meru wanauza za miligramu mia tatu. Zako Daktari zinasema mia mbili. Kwa nini tusinunue za mia tatu tumalize haraka?"

Jedidah alitabasamu, mara ya kwanza siku ile. Hapa alikuwa nyumbani kwake.

"Hizo mia tatu ni uzito wa chumvi yote, mama, si wa chuma. Ni kama gunia la mahindi na magunzi yake. Hizo za Meru huenda ni chumvi iitwayo glukoneti. Ndani ya mia tatu, chuma halisi ni thelathini na tano tu. Za kwangu ni chumvi nyingine, salfeti, mia mbili kwa nje, lakini chuma ndani ni sitini na ushee. Unasoma maandishi madogo, yanapoandikwa chuma halisi. Hiyo nambari kubwa mbele ni ya kuwavutia watu kama wewe."

"Watu kama mimi!"

"Watu wanaopenda gunia zito."

Kiende alicheka, kisha akashika tumbo. "Na zile kapsuli za vitamini za wajawazito?" aliuliza polepole. "Jirani yangu anameza. Ni nzuri, hazimtapishi."

"Hazimtapishi kwa sababu chuma chake ni kidogo, ishirini hivi," alisema Jedidah, "na nyingi zina kalsiamu ndani, na kalsiamu hugombana na chuma kama chai inavyogombana. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha, ni sawa. Kwako ni kumwagilia shamba kwa kijiko. Na mtu asikuongezee vidonge vya mafuta ya ini juu yake. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto."

"Sharubati?" aliuliza Timiro. "Anatapika asubuhi."

"Kuna sharubati, lakini kila kampuni ina kipimo chake kwa kijiko, na kufika mia na ishirini angekunywa nusu chupa kwa siku mbili. Meno nayo yangekuwa meusi. Tugawanye vidonge. Kimoja saa nne, kimoja kabla ya kulala, na chungwa au maji. Chai asiikaribie mpaka saa mbili zipite. Na zile zilizofunikwa ganda la kutoyeyuka tumboni, zisikuingie kichwani. Hazitapishi, ni kweli, lakini huyeyuka zikiwa zimeshapita mahali pa kunyonywa."

Timiro aliandika. Kidonge kimoja cha chuma na foliki, mara mbili kwa siku, kupimwa tena baada ya wiki nne. Jedidah alifungua mkoba. Hakutoa bahasha. Alimpa Kiende boksi nzima ambayo ilikuwa haijafunguliwa, aliyoichukua kwa Mursal kwa pikipiki mchana ule ule, na akampa Ciakuthii ankara ya Mursal aishike.

"Soma bechi ya boksi," alimwambia.

Ciakuthii alisoma, kidole kikifuata.

"Sasa vunja muhuri, toa stripu, usome ya ukingoni. Na tarehe."

Zilifanana. Zilifanana pia na zile za kwenye ankara. Ciakuthii alizisoma zote mara mbili kwa sauti, kama anayesoma majina ya watakaopewa mbegu.

"Na ukinunua mahali pengine," Jedidah aliendelea, "mlangoni au ukutani pana leseni yenye mwaka huu, na nambari ya duka. Unaituma kwa ujumbe wa simu, Bodi inakujibu kama duka limesajiliwa. Hata langu. Hasa langu, baada ya leo."

Habari ilizunguka Githongo kabla jua halijazama. Wiki ile ya kwanza mauzo yalikuwa kidogo, na Jedidah alikaa nyuma ya meza akisikiliza mvua nyembamba ya Juni juu ya bati. Mkaguzi wa Bodi alikuja Jumanne, akachukua sampuli na katoni, akamwandikia onyo la kununua kwa msambazaji asiyesajiliwa, na lingine la kumimina dawa mkebeni. Alitia sahihi kwenye yote mawili bila kujitetea. Mkebe aliuosha, akampa fundi wa viatu aweke misumari. Bahasha hakuziacha, kwa kuwa zilikuwa na faida yake, lakini sasa alikata stripu kutoka upande usio na nambari, na kwenye kila bahasha, chini ya wiki, aliandika bechi, tarehe ya kuisha na jina la ghala. Ilimchukua dakika mbili zaidi kwa kila mama. Wengine walilalamika kwamba gari linaondoka.

Siku ya tano baada ya kwenda kliniki, Kiende alimpigia.

"Daktari, ni cheusi."

"Nini?"

"Wewe unajua nini! Cheusi kama lami. Na kigumu. Mama ameenda kwa majirani wote kuwaambia, nitaenda wapi mimi?"

"Kunywa maji mengi, ule mapapai, na umwambie mama asitangaze kanisani," alisema Jedidah, na alipoweka simu chini alijikuta amesimama katikati ya duka bila sababu.

Mwisho wa wiki ya nne walikutana tena kliniki. Timiro alimchoma Kiende kidole, akaweka tone kwenye kipimo, wakangoja. Ciakuthii alikuwa amemkamata Jedidah mkono bila kujua, na kucha zake zilikuwa ngumu za mtu wa shamba.

"Tisa nukta tisa," alisema Timiro. "Inapanda vizuri. Hakuna kumwekea mtu damu. Endelea hivyo hivyo mpaka ujifungue, na miezi mitatu baadaye."

Ciakuthii aliuachilia mkono. Alimtazama Jedidah kwa upande, kama mtu anayetaka kusema kitu kikubwa na hapendi mambo makubwa.

"Siku ile nilikuambia neno baya," alisema.

"Nilisikia, mama."

"Nimelirudisha."

Kiende alijifungua mwishoni mwa Agosti, mtoto wa kike mwenye sauti ya nyanya yake, na damu iliyotoka haikupita kiasi. Bundi alipiga simu mwenyewe, saa nne asubuhi, akazungumza kwa haraka mno hata Jedidah alimwomba aseme tena. Wote wawili salama. Hakuna aliyelia barabarani.

Jedidah alimshukuru, akachukua daftari la majina kumi na moja, akalifungua. Kumi walikuwa na alama. Wa kumi alipatikana Julai, kupitia kwa shangazi yake aliyeuza maziwa. Mmoja simu yake haikuingia kamwe, na hakuna aliyejua alikotoka wala alikokwenda, mwanamke mwenye gauni la bluu aliyenunua bahasha nne mwishoni mwa Mei na kushukuru sana. Jedidah alipiga tena nambari ile, kama alivyofanya kila asubuhi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kufungua mlango, kwa kuwa nje palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akisubiri, akijipumzisha kwenye ukuta, mkono mmoja mgongoni.